Skramu Ianze Mwisho: Jinsi Timu Inavyojua Kazi Imekwisha

Timu nyingi zinapoingia kwenye Skramu huanza na kikao cha kupanga. Ubao unatundikwa, karatasi za rangi zinabandikwa, kila mtu anachukua kazi yake na wiki mbili zinaanza kuhesabiwa. Siku ya mwisho inapofika, nusu ya karatasi zimekwama katikati ya ubao na kila mwenye karatasi anasema amefika asilimia 90. Kipindi kipya kinaanza na viporo vya kile cha zamani, na baada ya miezi mitatu watu wanaanza kusema Skramu haifai kwa mazingira yetu.

Nimefanya kazi na timu za namna hiyo, na naona kosa liko kwenye mpangilio wa kujifunza. Mambo matatu ambayo kila anayeanza hufundishwa ni kupanga sprinti, kuchambua orodha ya kazi na kuweka vigezo vya ukamilifu. Kwa kawaida hufundishwa kwa mfuatano huo, na vigezo vya ukamilifu huachiwa dakika tano za mwisho. Mimi nitayageuza. Nitaanza na vigezo, kwa sababu timu isiyokubaliana kazi inakwisha lini haiwezi kujua ukubwa wa kazi, na isiyojua ukubwa wa kazi haiwezi kuipanga.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Skramu ni utaratibu wa kufanya kazi ngumu kwa vipindi vifupi vinavyolingana. Wamarekani wawili, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, waliuwasilisha hadharani mwaka 1995 kwenye mkutano wa wataalamu wa programu za kompyuta mjini Austin, Texas. Mwaka 2010 walitoa Mwongozo wa Skramu, kijitabu ambacho toleo lake la Novemba 2020 mtu anaweza kulimaliza kwa kikao kimoja. Kila kipindi huitwa sprinti, na hakizidi mwezi mmoja. Timu kwa kawaida haizidi watu 10. Ndani yake wamo wasanidi wanaojenga kitu chenyewe, mmiliki wa bidhaa anayeamua kipi kitangulie katika orodha ya kazi, na skramu masta anayesaidia utaratibu ufuatwe na vikwazo viondolewe.

Tuchukue timu ya mfano mjini Nairobi. Inakitengenezea chama cha ushirika wa akiba na mikopo programu ya simu. Ina wasanidi watano, mmiliki wa bidhaa mmoja na skramu masta mmoja, na sprinti zake ni za wiki mbili. Juu kabisa ya orodha yao kuna kazi moja inayosubiriwa na kila mtu: mwanachama alipe mkopo wake kwa M-Pesa akiwa nyumbani, badala ya kupanga foleni ofisini.

Ukiitazama kwa nje, kazi hiyo ni nyepesi. Mwanachama anagusa kitufe, seva ya chama inatuma ombi la malipo, na simu yake inaonyesha kidirisha cha kuweka namba ya siri. Anaiweka, kisha mfumo wa malipo unairudishia seva ya chama majibu. Ndani ya majibu hayo kuna `ResultCode`: ikiwa ni 0 fedha zimelipwa, ikiwa ni 1032 mwanachama ameghairi. Ila majibu hayo hayaji pamoja na ombi. Huja baadaye, kwa safari yao wenyewe kupitia mtandao, na humo ndimo ugumu wote wa kazi hii ulimojificha.

Sasa msanidi mmoja anakaa siku nne na kutangaza kwamba amemaliza. Kwenye kompyuta yake kitufe kinafanya kazi na salio la mkopo linapungua. Mmiliki wa bidhaa anamwambia meneja wa chama kuwa Jumatatu wanachama wataanza kulipa. Hakuna aliyesema uongo hapo, lakini kila mmoja amezungumzia kitu chake. Je, msimbo umesomwa na msanidi mwingine? Je, umejaribiwa nje ya kompyuta ya aliyeuandika? Majibu ya malipo yale yale yakifika mara mbili, mwanachama aliyelipa shilingi 5,000 atahesabiwa 10,000? Jumatatu inafika, maswali hayo yanaibuka yote kwa mpigo, na siku nne zinageuka wiki tatu.

Vigezo vya ukamilifu ni maelezo mafupi, yaliyoandikwa na kuonekana na wote, ya hali ambayo kila kazi lazima ifikie ndipo ihesabiwe imekwisha. Timu yetu iliandika hivi. Msimbo umesomwa na kukubaliwa na msanidi ambaye hakuuandika. Majaribio yanayoendeshwa na kompyuta yameandikwa na yote yanapita. Kazi imewekwa kwenye seva ya majaribio na kupitishwa njia nzima, kutoka kidole cha mtumiaji hadi daftari la mhasibu. Imejaribiwa kwenye simu ya bei ya chini, kwa sababu wanachama wengi wanatumia simu hizo. Kila tukio linalogusa fedha linaandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Na hakuna hitilafu inayojulikana inayoweza kubadilisha salio la mtu.

Anayeanza huchanganya vigezo hivi na masharti ya kukubali kazi moja moja, na hapa inafaa kwenda polepole. Sharti kwamba majibu mawili ya muamala mmoja yahesabiwe mara moja tu linahusu kazi ya malipo peke yake. Halina maana yoyote kwenye kazi ya kubadilisha picha ya mwanachama. Vigezo vya ukamilifu vinafunika kazi zote, ile ya malipo na ile ya picha. Kazi hukwisha inapotimiza masharti yake yenyewe na vigezo vya wote, kwa pamoja.

Mwongozo una kanuni kali juu ya hili. Kazi isiyotimiza vigezo haitolewi kwa watumiaji, wala haionyeshwi kwenye kikao cha mapitio mwishoni mwa sprinti. Inarudi kwenye orodha ya bidhaa. Hakuna alama za nusu, na ile asilimia 90 inahesabika sifuri. Watu huona hilo ni ukatili kwa msanidi aliyejitahidi, lakini mimi nalitetea kwa moyo wote. Nguo iliyobaki mkono mmoja haiwezi kuvaliwa harusini, hata kama fundi alikesha. Zaidi ya hapo, hesabu ya kazi zilizokwisha ndiyo kipimo pekee ambacho timu itakitumia kupanga sprinti ijayo, na kipimo kilichotiwa maji kitaidanganya timu yenyewe kabla ya kumdanganya mteja.

Pana mpaka wa kuzingatia. Ikiwa shirika lina viwango vyake vya ubora, timu zote zinavifuata kama kiwango cha chini, na kila timu inaweza kuongeza vyake juu. Kama havipo, timu inajitungia. Timu changa isiandike vigezo ambavyo haina uwezo wa kuvitimiza ndani ya sprinti. Tuseme ukaguzi wa usalama unafanywa na idara nyingine inayochukua mwezi. Kuuandika kwenye vigezo kutafanya kazi zote zionekane hazijaisha, lakini kuuacha nje kunamaanisha kuna deni linalolimbikizwa kila sprinti. Jibu la kweli ni kuliandika deni hilo mahali linapoonekana, na kujitahidi kuingiza ujuzi wa ukaguzi ndani ya timu. Na ukitaka kujua kama vigezo vya timu ni vya kweli au ni pambo la ukutani, angalia kinachotokea kabla ya kutoa toleo jipya. Ikiwa kila mara inahitajika sprinti nzima ya kusafisha, vigezo havifuatwi.

Vigezo vikishasimama, orodha ya kazi inaanza kusomeka kwa macho mengine. Kazi ya malipo iliyoonekana ya siku nne sasa inaonekana haiwezi kuingia kwenye sprinti moja. Hapo ndipo kuchambua orodha kunapoingia.

Kuchambua si tukio rasmi la Skramu lenye saa yake kama kikao cha kupanga. Ni kazi inayoendelea sprinti nzima: kugawanya kazi kubwa ziwe ndogo, kuzifafanua, kuzikadiria na kuzipanga upya. Toleo la Mwongozo la mwaka 2017 lilisema kwa kawaida shughuli hii haili zaidi ya asilimia 10 ya uwezo wa wasanidi. Toleo la 2020 limeiondoa namba hiyo, lakini bado naiona ni kipimo kizuri kwa anayeanza. Kwa wasanidi watano wenye siku 10 za kazi, ni kama siku moja kwa kila mtu katika wiki mbili. Timu yetu inaitumia kwa vikao viwili vya saa moja na nusu, na muda unaobaki unakwenda kwenye kuuliza maswali na kupekua nyaraka. Haichambui orodha yote. Inachambua kazi za juu zinazotosha sprinti moja au mbili zijazo, na zilizo chini zinaachwa kubwa na zenye ukungu, kwa sababu huenda zisihitajiwe kabisa.

Ugumu mkubwa ni kugawanya. Njia inayomjia kila msanidi kwanza ni kukata kwa tabaka: kwanza skrini, kisha seva, kisha hifadhidata. Inavutia kwa sababu kila mtu anapata kipande cha ujuzi wake, lakini ina kasoro kubwa. Skrini peke yake haimlipii mtu mkopo. Vipande vyote vitatu vinaweza kuitwa tayari na mwanachama akawa bado yuko kwenye foleni ofisini. Wala vigezo haviwezi kutimizwa, kwa maana hakuna njia nzima ya kupitisha.

Timu yetu ilikata kwa namna nyingine, kila kipande kikipita matabaka yote lakini kwa wembamba. Kipande cha kwanza: mwanachama mwenye mkopo mmoja tu alipe rejesho kamili la mwezi, kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Cha pili: aweze kulipa kiasi chochote anachotaka. Cha tatu: mwenye mikopo kadhaa achague anaoulipia. Cha nne: mtu amlipie mwenzake, kama mume kumlipia mkewe. Cha tano: majibu yasipofika, mfumo wenyewe uulize hali ya muamala, maana katika kipande cha kwanza karani atafanya uchunguzi huo kwa mkono.

Kuna aliyependekeza kwamba kinga ya kutohesabu malipo mara mbili nayo iwe kipande chake, ifuate baadaye. Wenzake walikataa, na walikuwa sahihi. Bila kinga hiyo kipande cha kwanza hakitoleki, kwani kinaweza kuharibu salio la mtu. Unaweza kupunguza idadi ya watu watakaohudumiwa au mambo watakayoweza kuyafanya. Usalama wa fedha zao haupunguzwi.

Kipande cha pili kilizua swali. Mwanachama anadaiwa 4,600 naye analipa 5,000: hizo 400 ziende wapi? Msanidi aliuliza, mmiliki wa bidhaa akajibu, "Dada, hilo sina jibu. Nipe mpaka kesho niwaulize watu wa uhasibu." Kesho yake alirudi na jibu kwamba ziada iingie kwenye akiba ya mwanachama, lakini kwa idhini ya kamati ya mikopo, na kamati inakutana mwisho wa mwezi. Basi kipande cha pili kikashushwa kwenye orodha, cha tatu kikapanda. Fikiria swali hilo lingezuka siku ya tatu ya sprinti, msanidi akiwa katikati ya msimbo. Angesimama kazi, au angeamua mwenyewe fedha za watu ziende wapi.

Makadirio yanafanywa na wasanidi, kwa kuwa wao ndio watakaoifanya kazi. Timu nyingi hutumia kadi zenye namba, mtindo ulioelezwa na James Grenning mwaka 2002, ambapo kila mmoja anafunua kadi yake kwa wakati mmoja na wenzake. Mwongozo haulazimishi kadi wala pointi. Faida yake iko kwenye tofauti: mmoja akitoa 3 na mwingine 13 kwa kazi ile ile, kuna jambo mmoja wao analijua na wengine hawalijui, na hilo ndilo la kuzungumza. Wakikimbilia kutafuta wastani wamelizika.

Sasa kikao cha kupanga chenyewe kimekuwa chepesi. Mwongozo unakipa saa 8 zisizozidi kwa sprinti ya mwezi mzima, na kwa wiki mbili nusu yake inatosha. Kina maswali matatu: kwa nini sprinti hii ina thamani, nini kinaweza kukamilishwa, na kazi itafanyikaje.

Swali la kwanza linazaa lengo la sprinti. Timu yetu iliandika: mwanachama mwenye mkopo mmoja aweze kulipa rejesho lake kwa simu bila kufika ofisini. Lilinganishe na lengo la aina ninayoiona mara kwa mara, kukamilisha kazi namba 7, 9 na 12. Hilo la pili si lengo bali ni orodha iliyorudiwa, na halimsaidii mtu kuamua chochote mambo yakiharibika.

Swali la pili linahitaji hesabu ya kweli. Wasanidi watano kwa siku 10 ni siku 50 za mtu mmoja. Katika wiki hizo mbili kuna Juni 1, Siku ya Madaraka, hivyo zinatoka 5. Mmoja ana likizo ya siku 3. Zinabaki 42, na katika hizo bado kuna vikao, uchambuzi wa orodha na simu za dharura. Timu ikatazama nyuma: sprinti tatu zilizopita ilikamilisha, kwa vigezo vyake, kazi 6, 4 na 5 za ukubwa unaokaribiana. Meneja wa chama angependa 8. Wasanidi walichagua 5, na uamuzi huo ni wao. Mmiliki wa bidhaa anaamua kipi kitangulie, lakini kiasi kinachoingia kinaamuliwa na watakaokifanya. Timu ambayo bosi wake anaijazia sprinti haipangi, inapokea maagizo. Itafika mwisho kwa kukata kona kwenye vigezo, kwa sababu hapo ndipo pekee ilipoachiwa nafasi ya kupumua.

Swali la tatu huwa linarukwa, nalo ndilo linalofichua mitego. Wasanidi huivunja kila kazi kuwa shughuli za siku moja au pungufu. Walipofanya hivyo kwa kipande cha kwanza waligundua kwamba seva ya majaribio haina anwani ya HTTPS inayofikika kutoka nje, na bila anwani hiyo majibu ya malipo hayana pa kufikia. Kuifungua ikawa shughuli ya kwanza ya siku ya kwanza. Ingegunduliwa wiki ya pili, sprinti ingekuwa imekwenda.

Mpango huo si kiapo cha kumaliza kazi zote 5. Timu inajifunga kwa lengo, na kazi zilizochaguliwa ni makisio ya kulifikia. Siku ya sita malipo ya majaribio yakianza kugoma, wasanidi wanakaa na mmiliki wa bidhaa na kupunguza kazi zisizogusa lengo, mradi lengo lenyewe na ubora visiguswe. Timu yetu ilimaliza 4. Ya tano, ukurasa wa historia ya malipo, ilikuwa haijajaribiwa kwenye simu ya bei ya chini. Haikuonyeshwa kwenye mapitio. Ilirudi kwenye orodha ya bidhaa, na katika kupanga kulikofuata ilihesabiwa 4. Wanachama wenye mkopo mmoja, wakati huo, walikuwa wanaweza kulipa kwa simu.

Kama timu yenu inajiandaa kuanza Skramu, acheni ubao na karatasi za rangi kwa saa moja. Chukueni kazi ya mwisho mliyoiita imekwisha na mwandike yote yaliyobaki kufanywa baada ya kuiita hivyo, mpaka mtumiaji alipoweza kuitumia. Yale mnayoweza kuyatimiza ndani ya wiki mbili yafanyeni vigezo vyenu vya ukamilifu, yaliyobaki myaandike kama deni, kisha ndipo mfungue orodha ya kazi na kuanza kuichambua kutoka juu.